Kigezo cha Akili na Kigezo cha Maumivu: Niliyojifunza kwa Watoto Wasiosema

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya upasuaji wa watoto hapa Bukavu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kwa miaka ya karibuni ninawafundisha pia wanafunzi wa uuguzi somo la maadili. Katika somo hilo kuna swali lisiloepukika: ni nani anayehesabiwa kimaadili, yaani ni nani ambaye akiumizwa anayekosewa ni yeye mwenyewe, wala si jamaa zake au mwenye mali tu? Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili. La kwanza linasema kwamba anayehesabiwa ni mwenye akili ya kufikiri na kujiamulia. La pili linasema kwamba anayehesabiwa ni yeyote awezaye kuteseka. Hoja za pande zote mbili nilizisoma vitabuni, lakini uzito wake niliuona wodini, hasa kwa mgonjwa mmoja ambaye ninapenda kulieleza jambo hili kupitia kwake.

Alikuwa mvulana wa miaka tisa hivi, mwenye mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa, asiyetembea wala kutamka neno. Mifupa ya watoto wasiosimama huwa dhaifu kwa kuwa haizoei kubeba uzito wa mwili, na wake wa paja ulivunjika mama yake alipokuwa akimgeuza ili amvalishe. Daktari aliagiza mguu uvutwe kwa uzito mdogo hadi mfupa ukae sawa, kisha ufungwe plasta. Kitanda cha jirani alilala mtoto wa rika lake aliyevunjika mfupa huohuo kwa kugongwa na pikipiki. Huyo wa pikipiki alikuwa akiita, "Muganga, inaniuma," na kila alipoita alipewa dawa. Yule asiyesema alipewa parasetamoli pale tu mtu alipokumbuka. Nilipomuuliza mwenzangu wa zamu sababu ya tofauti hiyo, alinijibu bila ukali wowote, kama mtu asemaye jambo linalojulikana na wote: "Huyu hajui kitu, dada. Hata maumivu hayaelewi."

Jibu hilo lina madai mawili yaliyoshikana kiasi kwamba msikilizaji hayatofautishi. Dai la kwanza ni kwamba mtoto hana akili ya kutosha. La pili ni kwamba asiye na akili hiyo haumii, au akiumia si neno. Wanafunzi wangu hudhani kwamba wanafalsafa waliotetea kigezo cha akili walisema hivyo pia, nami hulazimika kuwarekebisha. Immanuel Kant, ambaye kitabu chake cha msingi juu ya maadili kilitoka mwaka 1785, alifundisha kwamba kiumbe chenye akili, kiwezacho kujiwekea sheria na kuitii, kina heshima isiyo na bei, na hakipaswi kutumiwa kama chombo tu. Wanyama, kwake, hawana daraja hiyo. Hata hivyo hakukana kwamba wanyama wanaumia. Alisema kwamba kuwatesa ni vibaya, ila sababu aliyoitoa ni kwamba anayezoea kumtesa mnyama anaua huruma yake, na huruma hiyo ndiyo inayomsaidia kutimiza wajibu wake kwa watu. Kwa maneno mengine, mnyama anaumia kweli, lakini wajibu tulio nao unatuelekea sisi wenyewe, hauelekei kwake.

Kigezo cha akili kina nguvu yake, na si haki kukidharau. Mbuzi akiingia shambani na kula maharage ya jirani, hakuna anayempeleka mbuzi mbele ya chifu. Anaitwa mwenye mbuzi, kwa kuwa ndiye aliyeweza kufikiri na kumfunga. Akili ndiyo inayotufanya tuwajibike, tuahidi, tulaumiwe na tusamehewe. Tatizo linaanza tunapochukua jibu la swali la nani anadaiwa wajibu tukalifanya kuwa jibu la swali la nani anastahili kutendewa wajibu huo. Mtoto mchanga hadaiwi chochote na mtu yeyote, lakini kila mtu aliye karibu naye anadaiwa naye. Yule mvulana wetu hakuweza kutukosea, ilhali sisi tuliweza kumkosea kila baada ya saa sita, kila zamu ya dawa ilipopita bila dawa.

Mwenzangu hakuwa mtu wa ajabu kwa kufikiri alivyofikiri, kwani hata hospitali kubwa za nchi tajiri ziliwafanyia watoto wachanga upasuaji kwa dawa kidogo mno za kuzuia maumivu, hadi ndani ya miaka ya 1980. Ilidhaniwa kwamba ubongo wao haujakomaa, kwamba hawatakumbuka, na kwamba dawa zenyewe zingewaua. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti juu ya watoto njiti waliofungwa mshipa mmoja karibu na moyo. Wote walipewa hewa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli, na nusu yao wakaongezewa fentanili, ambayo ni dawa kali ya maumivu. Wale wasiopewa fentanili walitoa homoni za mshtuko kwa wingi zaidi damuni, na walipata matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji. Ninaposimulia hayo darasani, huwaomba wanafunzi waitazame ile dawa ya kulegeza misuli. Mtoto aliyelegezwa hawezi kulia wala kurusha mguu, kwa hiyo utulivu wake mezani haukuwa ushahidi wa lolote, na ilibidi damu iulizwe. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka kwamba watoto wachanga nao wapewe dawa za usingizi na maumivu.

Hapa ndipo kigezo cha kuteseka kinapodai kazi ambayo watu wengi hawaitarajii. Ni rahisi kusema kwamba anayehesabiwa ni awezaye kuteseka, ila kuteseka hakuonekani. Kinachoonekana ni dalili, na dalili husomwa na mtu mwenye mazoea na haraka zake. Katika wodi tunatumia kipimo kiitwacho FLACC, kilichochapishwa mwaka 1997 kwa ajili ya watoto wasioweza kueleza maumivu yao. Muuguzi humtazama mtoto kwa dakika chache, akaangalia mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio, na kama anabembelezeka. Kila moja hupewa alama 0, 1 au 2, hivyo jumla ni kati ya 0 na 10, na kuanzia 4 maumivu huhesabiwa kuwa ya wastani, kuanzia 7 makali. Mwenzangu alipompima mvulana kwa kipimo hicho alipata 3: uso umekunjamana kidogo, miguu imekaza, mwili hautulii, kilio hakuna. Kwa karatasi hiyo hakustahili zaidi ya parasetamoli.

Lakini miguu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukaza hata akiwa na raha, na wengine hunyamaza kabisa wanapoumia, hucheka, au hujiuma. Ndiyo maana kipimo kilifanyiwa marekebisho mwaka 2006, ili kabla ya kupima aulizwe mtu anayemfahamu mtoto: akiwa mzima hukaaje, na akiumia hufanya nini? Nilikaa na mama yake kwenye benchi la wodi, nikamuuliza hivyo. Hakusita hata kidogo.

"Akiwa sawa anaimbaimba," alisema. "Hana maneno, lakini anaimba puani asubuhi mpaka jioni. Akiumwa ananyamaza, anakodoa macho kama anaangalia kitu darini, na anajiuma hapa." Alinionyesha kifundo cha mkono wa kushoto wa mtoto, palipokuwa na alama za meno, nyingine za zamani na nyingine mbichi.

Kwa maelezo hayo nilimpima upya. Macho yaliyokodolewa yalipewa 2, mtetemo wa mguu usiovunjika uliozidi wa kawaida yake 2, kichwa kilichorudishwa nyuma na mwili uliokakamaa 2, kunyamaza kwa mtoto aimbaye kutwa 2, na kwa kuwa alitulia kidogo tu mama alipomshika, 1. Jumla ilikuwa 9 mahali ambapo saa moja kabla iliandikwa 3, na mtoto ni yuleyule. Daktari alikubali apewe mofini ya maji. Kwa uzito wa kilo 16 na kipimo cha miligramu 0.2 kwa kilo, ilikuwa miligramu 3.2 kwa mdomo, pamoja na parasetamoli miligramu 240 kila baada ya saa sita bila kusubiri mtu akumbuke. Nilipompima tena saa moja baadaye alikuwa na 3, na kabla ya jua kuzama sauti ya puani ilikuwa imerudi. Kushuka huko baada ya dawa ya maumivu ndio ushahidi bora tunaoweza kuupata kwa asiyesema. Nasisitiza dawa ya maumivu, kwa sababu kuna mtu aliyependekeza diazepamu peke yake ili mtoto atulie, na diazepamu, ingawa hulegeza misuli iliyokaza, ingeweza pia kumlaza usingizi na kutunyang'anya dalili huku maumivu ya mfupa yakibaki palepale.

Tangu hapo, ninapofundisha kigezo cha akili, huwauliza wanafunzi pia ni nani anayeshika karatasi ya mtihani. Nchi yetu inajua swali hilo bila Kant. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza daraja ya juu zaidi iliyomkaribisha mwenye nayo kwenye haki za Mzungu mbele ya sheria. Waombaji walihojiwa, na wakaguzi wakafika nyumbani kutazama chumba cha kulala, jiko, na jinsi familia inavyokula. Waliopata daraja hiyo ya pili walikuwa wachache mno. Mzee mmoja wa Kadutu aliwahi kuniambia kwamba baba yake alikataa kuomba, kwa sababu hakuona namna uma na kisu vingeweza kuamua kama achapwe viboko au asichapwe. Uma wa mezani hauna uhusiano wowote na ngozi ya mgongo, na nadhani ufasaha wa kufikiri nao hauna uhusiano na mfupa wa paja uliovunjika.

Jeremy Bentham, Mwingereza aliyeandika karibu na wakati wa Kant, aliliona hilo. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1789 aliweka maelezo ya chini ya ukurasa ambayo leo yanasomwa kuliko kitabu chenyewe. Alisema kwamba rangi nyeusi ya ngozi si sababu ya kumwacha mtu mikononi mwa mtesaji, kisha akauliza kwa nini idadi ya miguu au manyoya ya ngozi iwe sababu. Alikumbusha kwamba farasi au mbwa mkubwa anafikiri na kuelewana nasi kuliko mtoto wa siku moja au wa mwezi mmoja, akahitimisha kwamba linalopaswa kuulizwa ni kama kiumbe kinaweza kuteseka. Kama kinafikiri au kinasema ni jambo lingine.

Wanafunzi wengi hushangilia hapo, mpaka watambue kwamba mlango huo hauwezi kufunguliwa kwa mvulana wetu peke yake. Mbuzi wanaoshushwa kutoka Kabare wakiwa wamefungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini nyuma ya pikipiki wanapita mlango huohuo. Bentham hakukataza kula nyama. Aliona kwamba mnyama hana hofu ya muda mrefu juu ya kesho yake, na kwamba kifo cha haraka kinaweza kuwa chepesi kuliko kile ambacho kingempata porini, ila hakuona sababu yoyote ya kumtesa. Mimi ninakula mbuzi, na sijaona hoja ya kunizuia kwa ujumla, lakini hoja ya kumbeba kichwa chini mwendo wote huo siioni pia, maana mwenye kumbeba anapata faida ya nafasi kidogo tu kwenye pikipiki. Akili inaweza kuwa na uzito tunapozungumzia kifo, kwa kuwa mwenye mipango ya kesho anapoteza mipango hiyo. Katika maumivu yenyewe haina uzito. Mwenye akili nyingi pengine anayavumilia maumivu vizuri zaidi kwa kujua sababu, na asiyejua sababu wala mwisho wa maumivu yake anaweza kuwa katika hali mbaya zaidi. Mvulana wetu hakuweza kujiambia kwamba plasta itatolewa.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha nyani cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 2002 pembeni mwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambako hulelewa sokwe yatima walionyang'anywa wawindaji na wauzaji. Mlezi mmoja alitueleza kwamba mtoto wa sokwe anayefika hapo amemwona mama yake akiuawa, na kwamba asipopata mtu wa kumshikilia mchana na usiku anaweza kukataa chakula. Tulipokuwa njiani kurudi, mwanafunzi mmoja aliuliza swali ambalo nililitegemea: kama sokwe huyu anafikiri kuliko yule mtoto wa wodini, je, anahesabiwa zaidi? Peter Singer, ambaye tangu mwaka 1975 amekitetea kigezo cha kuteseka kwa bidii kuliko wengi, hakwepi swali hilo. Anakubali kwamba kwa habari ya kuua, uwezo wa akili unaweza kumweka mnyama fulani juu ya binadamu fulani. Eva Kittay, mwanafalsafa ambaye ni mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili, amempinga waziwazi. Kwake, thamani ya mtu haisomwi tu katika uwezo uliomo ndani yake. Kuwa mtoto wa mtu fulani, kulelewa na kuwekwa mahali katika familia, tayari ni sababu.

Ninaegemea upande wa Kittay, kwa sababu nimemwona mama yule akihesabu watoto wake. "Huyu ndiye wa tatu," alisema, "na dada zake wanagombania nani amlishe." Hakuna aliyekuwa akimpima ili kujua kama anaingia katika hesabu. Lakini siwezi kusimama hapo peke yake pia. Tumewahi kulaza mtoto mwenye kichwa kikubwa cha maji aliyeachwa kwenye lango usiku, hana jina wala dada wa kugombania kijiko. Kama uhusiano ndio kila kitu, basi huyo alikuwa amepoteza thamani kwa kosa la waliomwacha. Kilichomshika hapo ni kile kigezo chembamba cha Bentham: alilia alipobadilishwa bandeji ya kidonda, na kilio hicho kilimdai aliye karibu, awe jamaa au asiwe. Kwa hiyo ninakichukua kigezo cha kuteseka kama sakafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kusukumwa chini yake. Sikichukui kama orodha kamili ya sababu za kumjali mtu.

Kuna wagonjwa ambao hata sakafu hiyo haiwafikii kwa urahisi, nao ni waliopoteza fahamu kwa muda mrefu. Mwaka 2006 kikundi cha mtafiti Adrian Owen kilimwomba mwanamke aliyehesabiwa kuwa hana fahamu kabisa afikirie kwamba anacheza tenisi, na mashine ya kupiga picha za ubongo ikaonyesha sehemu zilezile zikifanya kazi kama kwa mtu mzima wa afya. Mashine hiyo hatuitumii katika wodi yetu. Mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ya utafiti wa maumivu ilipoandika upya maana ya maumivu, ilieleza kwamba kutoweza kueleza hakuondoi uwezekano wa mtu au mnyama kuyahisi. Kwa wagonjwa wetu wa namna hiyo tumekubaliana mambo yanayowezekana: dawa ya maumivu itolewe kabla ya kusafisha kidonda hata kama mgonjwa hajatikisika jana, aambiwe kwa jina lake kabla ya kugeuzwa, na jamaa aulizwe alivyokuwa akifanya alipoumwa akiwa mzima. Baadhi ya wanafunzi husema kwamba ni kupoteza dawa kwa mwili usiohisi. Huwajibu kwamba akiwa hahisi tumepoteza dawa kidogo, na akiwa anahisi tumemtesa mtu asiye na njia ya kutuita, kisha tunarudi kwenye hesabu ya miligramu kwa kilo, kwa sababu hapo ndipo wengi wao hukosea katika mtihani.